Daftari la Wiki: Kifurushi cha Muziki kwa Kaya Yenye Masikio Tofauti

Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyoanzia Uswidi na kufunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Februari 2021, huuza usajili wa kulipia kwa vifurushi vinne vikuu: cha mtu mmoja, cha watu wawili kiitwacho Duo, cha familia chenye nafasi sita, na cha mwanafunzi. Kaya nyingi huchagua kwa kuhesabu wapenda muziki waliomo, ilhali maswali yanayoamua hasa ni mawili, yaani ni wangapi husikiliza kwa saa zilezile, na kila mmoja wao anaishi wapi.

*

Akaunti moja hucheza muziki kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kaya inayotumia akaunti ya mtu mmoja kwa pamoja huligundua hilo pale wimbo unapokatika katikati kwenye simu ya baba, na skrini yake ikaonyesha kwamba muziki sasa unachezwa kwenye kifaa kingine, kwa sababu mtoto amewasha spika ya sebuleni. Nyimbo zilizopakuliwa, yaani zilizohifadhiwa ndani ya simu ili zichezwe bila mtandao, hupunguza mgongano huo, lakini simu hiyo hulazimika kuingia mtandaoni angalau mara moja katika siku 30, la sivyo nyimbo hizo hupotea.

Hasara nyingine huja polepole zaidi. Mapendekezo ya huduma hujengwa juu ya historia ya akaunti, si ya mtu, na hivyo mpenzi wa rumba anayeshiriki akaunti na mtoto wa miaka tisa huanza kuletewa nyimbo za katuni katika orodha yake ya kila wiki. Kifurushi cha Duo na cha familia huondoa tatizo hili kabisa, kwani kila mtu hubaki na akaunti yake, historia yake na orodha zake, na kinachounganishwa ni malipo tu.

*

Ichukuliwe kwa mfano kaya ya wasemaji wa Kiswahili mjini Minneapolis, Marekani, yenye baba dereva wa lori, mama anayefanya kazi zamu za usiku hospitalini, mtoto wa miaka tisa, na binti anayesoma chuo kikuu katika jimbo jingine. Kwa bei zilizotangazwa nchini humo Juni 2024, kifurushi cha mtu mmoja kilikuwa dola 11.99 kwa mwezi, Duo 16.99, cha familia 19.99 na cha mwanafunzi 5.99. Vifurushi viwili vya mtu mmoja kwa baba na mama vingefika dola 23.98, kiasi kilichozidi hata bei ya kifurushi cha familia, kwa hiyo hesabu ya kweli ilibaki kati ya Duo na familia, ambavyo vilitofautiana kwa dola 3. Kwa dola hizo mtoto hupata akaunti yake, mwenye kulipa hupata uwezo wa kumzuilia nyimbo zenye lugha chafu, na kaya hupata programu ya watoto iitwayo Spotify Kids, ambayo haimo katika Duo. Bei hupanda mara kwa mara, lakini maadamu uwiano huu unabaki, msikilizaji wa tatu ndiye anayekifanya kifurushi cha familia kuwa chaguo lililo wazi.

*

Binti hawezi kuhesabiwa katika kifurushi cha familia, ingawa nafasi zipo. Masharti ya Duo na ya familia yanataka wanachama wote wakae kwenye anwani moja, na mwalikwa huombwa kuandika anwani yake ili ilinganishwe na ya mwenye kulipa. Hata wanaoishi pamoja hukataliwa pale mmoja anapoacha namba ya nyumba au kuiandika vingine, na dawa yake ni kuinakili anwani kama mwenye kulipa alivyoiandika. Mwalikwa akubali mwaliko kwa akaunti yake ya zamani, maana akifungua mpya huanza upya, bila orodha alizokusanya kwa miaka.

Njia ya binti ni kifurushi cha mwanafunzi, ambacho kwa bei hizo za 2024 kingefikisha gharama ya kaya nzima dola 25.98, na ambacho hakijali anakolala bali uandikishwaji wake katika chuo, unaothibitishwa na kampuni ya SheerID. Uthibitisho huo hurudiwa kila baada ya miezi 12 na hautolewi kwa zaidi ya miaka minne, kwa hiyo anayesomea fani ndefu kama udaktari apange mapema malipo ya miaka itakayobaki. Anayesahau kuuhuisha hatafungiwa muziki. Ataendelea kusikiliza kama kawaida, ila mwezi unaofuata atakatwa bei kamili ya mtu mmoja.