Akaunti ya Siri Kabla ya Tangazo la Tatu



Wapendwa wasomaji, tuchukue mfano wa binti wa hapa Magoma. Mahari imepokelewa, kamati ya harusi inakusanya michango, na matangazo mawili ya ndoa yameshasomwa kanisani. Jumamosi jioni binamu yake aliyeko Tanga mjini anamtumia picha ya skrini. Mchumba wake yumo Badoo, anatabasamu, na ameandika kwamba hana mtu. Kesho ni tangazo la tatu. Afanye nini?

Wapo watakaomwambia anyamaze, harusi imekaribia. Wengine watamwambia aichukue simu ya kijana aipekue. Sisi tunaona ushauri wote huo una kasoro.

Kwanza ajiulize akaunti ile ni ya nani, na kama bado inatumika. Matapeli huchukua picha za watu Facebook na kuzifungulia akaunti za uongo. Kwa hiyo picha ambayo kijana ameiweka wazi mwenyewe haithibitishi kitu, kwa kuwa yeyote angeweza kuichukua. Picha ambayo hajawahi kuiweka popote ina uzito zaidi.

Tena, kuondoa programu kwenye simu si kufuta akaunti. Aliyejiunga kabla ya uchumba, kisha akaiondoa programu tu, wasifu wake unaweza kuendelea kuonekana kwa wengine. Hata umri ukisomeka sawasawa usimdanganye binti, maana programu huweza kuuhesabu yenyewe kutoka tarehe ya kuzaliwa. Dalili ya akaunti inayotumika ni kitu kilichobadilika baada ya uchumba: picha ya Pasaka iliyopita, maneno mapya, au alama kwamba mwenyewe yuko mtandaoni sasa hivi.

Asifungue akaunti ya uongo ili amtege. Mtego ule utamwonyesha tu kwamba kijana ameitikia chambo, na yeye mwenyewe atakuwa ameanza kusema uongo. Simu asiifungue kwa siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na uchumba si ruhusa. Na picha ile asiitupe kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Ikiwa akaunti ni ya tapeli, jina la mtu asiye na kosa litakuwa limeshachafuliwa, na kulisafisha ni kazi ngumu.

Baada ya hapo amwite wakae ana kwa ana, mahali penye utulivu, amwonyeshe na kumuuliza swali fupi: “Hii nimetumiwa jana. Ni ya kwako?” Kisha anyamaze asikilize. Mwenye akaunti ya zamani hatapata shida kuingia na kuifuta kabisa mbele yake. Aliyeibiwa picha atashtuka, naye atataka kuiripoti. Lakini akigeuza mazungumzo yote kuwa “kwa nini unanichunguza?”, wala asijibu swali lenyewe, hilo nalo ni jibu la kutafakari.

Akikiri kwamba anaitumia, kufuta akaunti hakutoshi. Binti ana haki ya kujua kama alikutana na mtu yeyote, na kama ndiyo, wapime afya wote wawili.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi: harusi iahirishwe. Akaunti ya namna hii si kizuizi cha ndoa kama vile undugu wa damu, lakini inagusa kiapo chenyewe. Kanuni ya 1101 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba anayeikataa kwa makusudi sifa ya msingi ya ndoa wakati wa kuikubali, anafunga ndoa batili, na sifa hizo ni umoja na kutovunjika. Hatusemi kwamba kila mwenye akaunti Badoo amefika huko. Tunasema swali hilo lijibiwe kabla ya altare, kwa maana baada ya hapo litajibiwa katika mahakama ya Kanisa, pengine watoto wakiwa wameshazaliwa.

Basi aende kwa paroko, amweleze faraghani, na aombe tangazo la tatu lisisomwe kwanza. Hana haja ya kuwaambia waumini sababu.

Tunajua kinachoogopwa ni aibu: wajomba wameshakula mahari, turubai limelipiwa, na kadi zimefika hadi Korogwe. Lakini michango inaweza kurudishwa au kusubiri, na mahari wazee wanaweza kuikalia kikao. “Ndiyo” iliyotamkwa mbele ya Mungu haina kamati ya kuirudisha.