Yeye Mazembe, mimi Lupopo

Wengi wetu tuna mabwana wanaofanya kazi mbali. Polepole telefone inabaki ya mambo mawili tu: minervali ya shule na homa ya mtoto. Maneno ya kutaniana yanakufa, hata kama mapendo yangali.

Mama mmoja wa Lubumbashi aliyafufua kwa mpira. Bwana yake yuko kwenye mgodi kule Kolwezi, na ni wa Mazembe kabisa. Mama ni wa Lupopo, sababu baba yake alifanya kazi ya reli. Timu hizo zote mbili zilizaliwa 1939, na siku zikikutana kila lupango linagawanyika.

Asubuhi ya mechi akamwandikia: «Kunguru wangu, leo utalia. Nani atakupanguza machozi huko?» Muangalie swali lile. Angeuliza «Mechi saa ngapi?», angejibiwa «saa tisa», na maneno yangeishia pale. Bwana akajibu: «Nikishinda, utanipikia sombe siku tatu.» Naye: «Nikishinda mimi, utanichezea Kidiaba, mbele yangu peke yangu.»

Mnamkumbuka Robert Kidiaba, kipa aliyerukaruka kwa matako uwanjani Mazembe ilipofika fainali ya dunia ya klabu mwaka 2010. Toka siku ile, Kidiaba ni neno lao wawili. Bwana akiandika «matako yameanza kuuma», mama anajua Lupopo imefunga goli na mtu wake anamuwaza. Mtoto akishika telefone, anasoma mpira tu.

Si lazima ujue mpira sana. Kujifanya fundi kunachosha. Mwanaume anafurahi zaidi kukueleza, halafu umpinge kidogo. Lakini timu yake ikifungwa vibaya, usimcheke usiku ule. Ngoja asubuhi, umwandikie: «Machozi yamekauka, ama nije?»

Jambo moja linaharibu yote: kumchekesha, halafu kumuomba pesa palepale. Ukifanya hivyo mara mbili, kila utani wako ataona ni mtego. Minervali muongelee siku ingine, kwa sauti.

Utajuaje inashika? Anakuuliza naye, ama anaanza mwenyewe siku ambayo hakuna mechi. Akijibu «mm» mara mbili, acha. Labda ametoka zamu ya usiku. Usimfuate na «umenikasirikia?», mechi ya yenga ijayo itakupa mlango mwingine.

Na deni lilipwe, bila hivyo mchezo unalala. Siku ile Lupopo ilishinda. Bwana aliporudi kupumzika, alijifanya amesahau, akala sombe yake bila kusema kitu. Mama akangoja watoto walale, akafunga mlango, akavuta meza pembeni ili nafasi itoshe.