Kila nyumba itume mwakilishi: Kwa nini asikosekane hata mmoja

TANGAZO la chama cha wakazi ni karatasi inayojulikana na kila akaaye mjini. Hubandikwa langoni, karibu na kibanda cha bawabu, nalo husema kuwa Jumapili saa nane za mchana pana mkutano kuhusu shida ya maji, na kwamba kila nyumba itume mwakilishi mmoja. Siku ifikapo huja watu kumi na wawili kutoka nyumba hamsini. Hao kumi na wawili hulalamika na kulaumiana, kisha hutawanyika. Mwezi ufuatao ankara ya maji huja ikiwa imepanda tena.

Wengi huyachukulia maneno hayo ya "kila nyumba" kuwa adabu tu ya mwandishi wa tangazo. Nadai kwamba sivyo. Katika suala la maji ya pamoja, hilo ndilo sharti ambalo bila kutimizwa tatizo haliwezi hata kutambuliwa, sembuse kutatuliwa.

Na tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 50 ndani ya ua mmoja. Kampuni ya maji imeweka mita moja kuu langoni, nayo huuandikia mtaa ankara moja. Ndani ya ua, kila nyumba ina mita yake ndogo ambayo katibu wa chama huisoma kila mwisho wa mwezi. Mwezi huu mita kuu imeonyesha kuwa zimeingia yuniti 600, kila yuniti ikiwa ni lita 1,000. Mita ndogo zote zikijumlishwa zatoa yuniti 450. Yuniti 150 hazijulikani ziliko. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kila yuniti ni shilingi 100. Ankara basi ni shilingi 60,000, na katika hizo shilingi 15,000 ni za maji ambayo hakuna nyumba inayokiri kuyatumia.

Kampuni haitasaidia sana hapo. Kwa kawaida wajibu wake hukoma kwenye mita kuu, na kila kilichoko ndani ya ua ni cha wenye ua. Kampuni zenyewe zina donda lilo hilo, maana ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji nchini zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hupotea ama hayalipiwi.

Je, yuniti hizo 150 zimekwenda wapi? Njia kuu ni tatu. Huenda bomba la chini ya ardhi limepasuka, huenda kuna aliyejiunganishia maji kabla ya mita yake, au huenda mita ndogo zimechakaa na kusoma pungufu. Mkutano wa watu kumi na wawili aghalabu huishilia kwenye dhana ya pili, kwa kuwa ndiyo tamu ya kusimulia, na jirani fulani asiyekuwapo hutajwa kwa minong'ono.

Ilhali pana jaribio rahisi lisilogharimu hata senti. Mtaa huchagua usiku ambao maji yapo bombani. Saa tano za usiku kila nyumba hufunga valvu yake iliyo kando ya mita, na katibu pamoja na shahidi mmoja huandika tarakimu za mita kuu. Saa kumi na moja za alfajiri huzisoma tena. Iwapo hazikusogea, bomba ni zima na yafaa kutafuta kwingine. Iwapo zimesogea, maji yanatoka mahali pasipopita kwenye valvu ya mtu yeyote.

Tuseme katika mfano wetu zimepita lita 900 kwa saa hizo sita, yaani lita 150 kwa saa. Kwa siku ni lita 3,600, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 108. Mara moja tunapata dalili kwamba sehemu kubwa ya yuniti 150 huenda imemezwa na ardhi au na muunganisho wa siri ulio kabla ya mita, na kwamba zilizosalia 42 ni za kutafutwa kwingine, kama vile katika mita mbovu. Hesabu hii yafaa pale bomba lina maji mchana na usiku. Kwenye mitaa yenye mgao, kama ilivyo sehemu nyingi za Nairobi ambako mgao ulitangazwa mapema mwaka wa 2017 baada ya maji ya bwawa la Ndakaini kushuka, huzidishwa kwa saa ambazo maji hutoka pekee.

Sasa na tulitazame lile sharti. Tuseme nyumba 49 zimefunga valvu na moja haikufunga kwa sababu haikutuma mtu mkutanoni wala haikupata habari. Tangi la nyumba hiyo, lenye ujazo wa lita 1,000, lilikuwa karibu tupu, nalo likajaa taratibu usiku kucha. Mita kuu itaonyesha zile zile lita 900, na mtaa utaajiri vibarua kuchimba barabara nzima wakitafuta ufa ambao haupo. Nyumba moja iliyokosa mwakilishi yatosha kuharibu jaribio la nyumba zote.

Swali la pili ni nani hasa mwakilishi. Nyumba nyingi humtuma kijana au mfanyakazi wa nyumbani, ambaye hurudi na habari lakini hana idhini ya kukubali lolote. Nyingine hukaliwa na wapangaji, na mpangaji hulipia maji anayotumia lakini si wake kuling'oa bomba la mwenye nyumba. Kwa hiyo tangazo lililo timamu huomba mtu mzima aishiye humo, naye aje na kibali cha maandishi cha mwenye nyumba kuhusu kiasi atakachochangia kwa ukarabati.

Swali la tatu ndilo chungu zaidi: hasara hulipwaje hadi ufa uzibwe? Wakigawa ankara nzima sawasawa, kila nyumba italipa shilingi 1,200. Ajuza aishiye peke yake na kutumia yuniti 3 atalipa sawa na jamaa ya watu wanane watumiao yuniti 18. Wakilipa kwa mita na kugawana hasara pekee, kila nyumba itaongeza shilingi 300 juu ya matumizi yake. Ajuza atalipa 600, na ile jamaa 2,100. Naona njia hii ya pili ndiyo ya haki, lakini itamwumiza mwenye watoto wengi, naye ana haki ya kusikizwa kabla ya uamuzi kupitishwa.

Asipokuwapo, chama kitamfanya nini akikataa kulipa? Wengi watasema akatiwe maji. Wafikiri mara mbili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na chama cha hiari hakina mamlaka ya kampuni wala ya mahakama juu ya asiye mwanachama wake. Nguvu yake ni saini ya aliyekubali.

Aghalabu ni mwalimu ambaye mtaa humwomba awe katibu, na ndiye aandikaye tangazo. Basi na aandike humo tarakimu za mita kuu na jumla ya mita ndogo, usiku wa jaribio, na mapendekezo mawili ya malipo. Msomaji akiona shilingi 300 zake zinaingia ardhini kila mwezi, hatamtuma mtoto.