Kabla Baruti ya Kwanza Haijalipuka Kimwarer

Kila mara habari za kufunguliwa upya kwa mgodi wa Kimwarer zinaporudi, sisi watu wa Eldoret tunashangilia kwa neno moja tu: kazi. Utalisikia kwenye matatu, utalisikia kwa mama wa chai, na ukithubutu kuuliza swali la pili utaambiwa unachukia maendeleo. Mimi sichukii kazi. Nina mabinamu wawili pale chini wasio na ajira. Lakini swali la pili nitaliuliza tu: lile shimo la kwanza nani amelirekebisha?

Kama hujawahi kufika, shika barabara ya Kaptagat hadi Nyaru, kisha uteremke. Baridi inabaki juu, joto la Bonde la Kerio linakupokea, na ghafla unaona mlima uliomegwa kama mkate. Hapo ndipo flospa ilipochimbwa tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Kenya Fluorspar iliuza nje madini yanayotengeneza asidi, gesi za friji na kusaidia viwanda vya chuma na alumini. Bei ya dunia ilipoanguka, uzalishaji ukasimama 2016, na mkataba wa ardhi ukaisha 2018. Wenyeji ambao familia zao zilihamishwa mgodi ulipoanza bado wanadai fidia ya zaidi ya ekari 9,000. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni wazee wa baraza.

Mgodi wa wazi si kama ule wa kuingia chini kwa handaki. Hapa unaondoa kila kitu kilicho juu ya madini: miti, udongo, mwamba. Kinachouma zaidi ni ule udongo wa juu, sentimita ishirini au thelathini tu, wenye mbegu, mizizi na vijidudu vinavyoupa uhai. Ukiukwangua na kuufukia chini ya mawe, umeumaliza. Ukiuweka kando kwa chungu chake, kisichozidi urefu wa mtu kwa kadiri, na kuurudisha mapema, mimea inarudi. Mchimbaji akikuonyesha chungu cha udongo kirefu kama ghorofa kilichokaa miaka kumi, ujue sehemu kubwa ya uhai uliokuwa ndani imeshakufa.

Kisha kuna lile tope. Mwamba wa flospa husagwa hadi ukawa unga, ukachanganywa na maji na kemikali, ukapulizwa hewa. Madini yanapanda juu na povu, takataka inabaki chini. Takataka hiyo inamwagwa kwenye bwawa. Ikiwa na maji, hofu ni ukuta kupasuka. Ikikauka, upepo wa Kerio unaibeba kama unga wa ugali. Na ndani yake kuna flospa iliyokosa kunaswa.

Hapa watetezi wa mgodi wana jibu lao, na lazima tuliheshimu: flospa haiyeyuki kirahisi. Ni kweli. Lita moja ya maji safi huyeyusha takriban miligramu 16 tu. Lakini karibu nusu ya hizo ni floridi, yaani kama miligramu 8, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi 1.5. Kidogo kwa mwanakemia si kidogo kwa mtoto anayekunywa kila siku wakati meno yake yanaota. Meno yanakuwa ya kahawia, na kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi hata mifupa inakakamaa.

Jibu lao la pili ni gumu zaidi: Bonde la Ufa lina floridi ya asili. Nakuru wamechuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe miaka mingi, na kule hakuna mgodi wa flospa. Kwa hiyo ukiniletea picha ya meno ya kahawia kutoka Kimwarer, hujathibitisha kitu. Samahani, wanaharakati wenzangu, lakini ndivyo ilivyo. Meno hayasemi floridi imetoka wapi.

Mto unaweza kusema. Unachukua maji ya mto Kimwarer juu ya mgodi, kisha chini ya bwawa la tope, kisha kabla ya kuungana na Kerio. Unafanya hivyo kiangazi, unarudia masika, unarudia mwaka unaofuata. Juu na chini zikilingana, mgodi hauna hatia ya floridi. Chini ikipanda kila msimu, basi tumejua. Vijito vya kando navyo vipimwe, kwa sababu kimoja chenye floridi ya asili kinaweza kuwadanganya wote. Na vipimo hivi vinafaa kufanywa sasa, mashine zikiwa kimya. Siku zikianza kunguruma, kila upande utakuwa na namba zake na hakuna atakayejua mto ulikuwaje kabla.

Kuna mtu ataniambia ardhi iliyochimbwa haiponi. Inapona, na Kenya tunajua. Mwaka 1971 kule Bamburi, Mombasa, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe la matumbawe lisilo na udongo wala maji matamu. Alijaribu aina 26. Tatu ndizo zilizostahimili. Aliyewashinda wote ni mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na bakteria kupata naitrojeni hewani. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi. Ndipo akaletwa jongoo mwekundu, akayala, akayageuza mbolea. Leo watoto wa shule wanaenda pale kuona viboko.

Ila msichukue Bamburi mkaibandika Kimwarer. Bamburi ni tambarare na mawe yake hayana sumu. Kimwarer ni mteremko. Ukipanda mti kwenye ukuta wima, mvua ya kwanza inaushusha na kila kitu. Kwanza ukuta unakatwa ngazi kwa ngazi, maji yanachimbiwa mifereji, tope linafunikwa kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi na udongo wa juu, ndipo unapanda migunga na nyasi za huko huko. Kisha kuna mbuzi. Nani amewauliza wenye mbuzi? Bila makubaliano nao, miche yote ni kitafunio.

Haya yote ni pesa, na pesa hizo zinapatikana wakati mmoja tu: kabla ya kuchimba. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira, na inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Wanasiasa wetu wanapigana juu ya ile 20 na ile 10. Dhamana hata hawaitaji. Na dhamana ndiyo peke yake inayobaki wakati bei inaanguka na kampuni inafunga virago, kama 2016.

Kwa hiyo bwana mwekezaji, karibu. Mabinamu zangu wako tayari na viatu vya kazi. Lakini tuonyeshe dhamana ni shilingi ngapi, iko benki gani, na imekokotolewa kwa shimo lipi: lile jipya tu, au na lile tulilonalo tayari?