Jambo Bwana ina mwenyewe

Ukitazama video za biashara za pwani yetu, kuanzia huku Marereni hadi Watamu, utadhani tuna wimbo mmoja tu. Gesti, duka la vinyago, mashua ya watalii, wote wanaweka Jambo Bwana. Ukiuliza, utaambiwa, "Ah, huo ni wa watu wote."

Mimi sikubali. Wimbo huo ulitolewa na bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, na mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison, alifariki 2024. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya utungo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Piga hesabu: ni hadi mwisho wa 2074.

Hebu tumchukue muuza chumvi wa hapa kwetu anayetaka video ya sekunde 30. Anapaswa kujua kwamba wimbo una haki mbili: ya utungo na ya rekodi. Akimwita kijana aupige upya kwa gitaa, rekodi itakuwa mpya, lakini utungo bado ni wa mwenyewe. Akinunua wimbo, amenunua ruhusa ya kuusikiliza, si ya kuuzia chumvi. Na kuandika chini ya video "haki zote ni za wenyewe" hakumsaidii. Kule YouTube, mtambo wa Content ID hausomi maelezo hayo. Unalinganisha sauti na picha zenyewe, kisha mwenye haki huamua: video izibwe, au iachwe na pesa za matangazo ziende kwake.

Basi afanye nini? Atafute muziki wenye leseni ya Creative Commons, lakini asome herufi zake. Ikiwa ni `CC BY`, anaruhusiwa hata kwa biashara, mradi amtaje msanii na leseni. Akiona `NC`, auache, kwani biashara hairuhusiwi. Akiona `ND`, auache pia, maana kuunganisha muziki na video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Picha nazo zina herufi hizohizo. Ile iliyookotwa Google bila leseni yoyote, aihesabu kuwa ina mwenyewe.

Kisha afungue faili dogo, kila wimbo au picha na mistari yake:

```
faili: chumvi-01.mp3
msanii:
anwani:
leseni: CC BY 4.0
tarehe:
```

Siku dai likija, atajibu kwa mistari hiyo mitano badala ya kulalamika.

Lakini ningekuwa yeye, ningemlipa yule kijana wa gitaa atunge wimbo wake mwenyewe, tukaandikiana kwamba nautumia kwenye matangazo, wapi na kwa muda gani. Vijana wanaopiga gitaa tunao. Kinachokosekana ni hiyo karatasi moja.