Muhuri wa 'HARAKA' usikubabaishe kwenye usaili

Umeitwa usaili, umewekwa kwenye meza yenye rundo la karatasi na kuambiwa: una dakika 30, zipange kwa umuhimu, kisha utueleze kwa nini. Wengi huanza kuijibu karatasi ya juu papo hapo. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu mara nyingi karatasi ya chini hubadilisha maana ya ile ya juu.

Tuseme wewe ni kaimu msimamizi wa nyumba za kupanga mtaani Woodley. Ni saa mbili asubuhi na una karatasi tano. MCA anataka idadi ya nyumba zisizo na maji kabla ya saa sita. Yake imepigwa muhuri wa HARAKA. Bosi anataka ripoti ya kodi saa kumi. Mzee mmoja analalamika mara ya tatu kwamba anadaiwa kodi aliyokwisha kulipa. Kontrakta anaanza kuchimba mtaro langoni saa tatu. Mwisho kuna kijikaratasi cha soja wa usiku: waya wa stima umening'inia, langoni hapo hapo, kwenye Barabara ya Joseph Kang'ethe.

Umeona? Kijikaratasi hicho na barua ya kontrakta ni jambo moja, nalo linaweza kuua mtu. Funga lango, simamisha kontrakta, pigia Kenya Power 97771. Ni kazi ya dakika kumi hivi, na inatangulia hata MCA.

Sasa inakuja sehemu ambayo vijana wengi huiruka: kusema gharama. Usiseme tu "ripoti ya bosi ni ya tatu." Sema: "Naanza na ya MCA kwa sababu muda wake unaisha saa sita. Ripoti ya kodi nitaishika saa sita, kwa hivyo nitakuwa na saa nne tu na sitapata nafasi ya kuikagua mara mbili. Nitampigia bosi sasa hivi ajue, asije akashtukia saa kumi." Umetaja unachoacha, nani ataumia, na utakavyompunguzia maumivu. Mzee naye usimtupe: karani ampigie leo, aje kesho na risiti zake.

Kisha msaili atakukunjia uso: "Lakini huyo ni MCA!" Usigeuze mpango kwa sababu ya uso wake. Ila akikwambia Kenya Power wameshakata stima ya waya huo, hiyo ni habari mpya. Hatari imepungua, basi panga upya na useme ni kipi kimebadilika.

Tunavyoona sisi, kwenye zoezi hili anayedai atamaliza kila kitu leo hajapanga chochote. Msaili anataka kusikia umeacha nini, na kwa nini.