Ardhi ni yetu, nyanya ni za jirani: tuhesabu barabara kabla ya kumlaumu mkulima

Katika soko la Kadutu, swali moja linarudi kila mara bei inapopanda. Kongo ni nchi kubwa, mvua inanyesha, udongo upo. Rwanda ni nchi ndogo, milima imejaa watu hadi kileleni. Mbona basi nyanya, karoti, mayai na hata nyama vinavuka Ruzizi kuja kwetu, wala sivyo vyetu vinavyokwenda kwao? Jibu linalosikika sana ni kwamba wakulima wetu ni wavivu. Jibu hilo ni la uongo, na ni hatari, kwa sababu linawaondolea lawama wanaostahili kulaumiwa.

Wanauchumi wana nadharia inayohusu swali hili moja kwa moja. Iliandikwa kwanza na Msweden Eli Heckscher mwaka 1919, kisha mwanafunzi wake Bertil Ohlin akaipanua katika kitabu cha mwaka 1933. Ohlin alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1977. Wanachosema si kigumu. Kila bidhaa inahitaji mchanganyiko wake wa ardhi, mikono ya watu na mtaji. Nchi yenye kitu kimoja kwa wingi inakipata kwa bei ndogo, kwa hiyo inauza nje bidhaa zinazokula kitu hicho zaidi. Ndiyo maana Argentina na Australia, zenye mbuga kubwa na watu wachache, ziliuza nyama, ngano na sufu. Bangladesh, yenye watu wengi katika eneo dogo, inauza nguo, kwa kuwa cherehani elfu moja haihitaji shamba bali inahitaji mikono.

Tuchukue mfano wa hesabu, wenye tarakimu za kubuni ili tuone njia. Tuseme kikapo cha nyanya kinahitaji siku 4 za kazi na kipande 1 cha ardhi. Mbuzi mmoja anahitaji siku 1 ya kazi na vipande 4 vya malisho. Mahali penye ardhi nyingi, kukodi kipande ni dola 1, lakini mfanyakazi ni adimu na siku yake ni dola 2. Huko nyanya zinagharimu dola 9 na mbuzi dola 6. Mahali palipojaa watu ni kinyume: siku ya kazi ni dola 1, kipande cha ardhi dola 2. Huko nyanya ni dola 6 na mbuzi dola 9. Hakuna mvivu hata mmoja katika hesabu hii, na mbegu ni zile zile. Lakini mbuzi watatoka penye ardhi, nyanya zitatoka penye watu, na pande zote mbili zitapata nafuu.

Sasa turudi Ruzizi. Rwanda ina kilometa za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Hiyo ni karibu watu 500 kwa kila kilometa ya mraba. Kongo nzima, kwa watu wapatao milioni 100, haifiki 50. Kwa hiyo nyanya na karoti za jirani hazipaswi kutushangaza. Bustani ya mboga ni kazi ya mikono: kupandikiza, kumwagilia, kupalilia, kufunga miti, kuchuma kila siku chache. Nchi yenye ardhi kidogo na watu wengi ndiyo inayotarajiwa kuuza mazao hayo. Nadharia inakubaliana na soko.

Kinachoshangaza ni upande wetu. Mbuzi wetu wako wapi? Mihogo, mchele, mahindi na mafuta ya mawese, vitu vinavyotaka ardhi pana, kwa nini havijazi Kadutu na kuvuka hadi Kamembe?

Kosa ni kuhesabu ardhi ya Kongo kana kwamba yote iko mlangoni pa Bukavu. Mlangoni petu wako Kabare na Walungu, ambako familia nyingi hulima vipande vidogo vilivyogawanywa kizazi baada ya kizazi. Huko Walungu udongo uliochoka una hata jina lake, kalongo, tofauti na civu, udongo wenye rutuba. Kwa uwiano wa watu na ardhi, Kabare na Walungu wanafanana na Rwanda kuliko wanavyofanana na Kongo ya kwenye ramani.

Ardhi pana ya jimbo letu iko mbali. Teritwari ya Shabunda peke yake ina kilometa za mraba zaidi ya 25,000. Inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa, nayo ina watu wachache zaidi sana. Lakini kati ya Shabunda na Kadutu kuna zaidi ya kilometa 300 za njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa matope, madaraja yaliyovunjika na barieri. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kila kizuizi kina mtu anayenyoosha mkono.

Tuiingize barabara hiyo katika mfano wetu. Mbuzi wa mbali amegharimu dola 6 kijijini. Gari, siku za kukwama na barieri zinaongeza dola 5. Anafika Bukavu kwa dola 11. Mbuzi wa jirani ni dola 9, na kumvusha daraja ni dola 1: jumla 10. Mkaaji wa Bukavu atanunua wa dola 10. Nyanya za jirani zinafika kwa dola 7, na za mbali kwa dola 14. Mji wote unalishwa na jirani kwa vyote viwili, hata mbuzi ambaye kwetu anafugwa kwa bei ndogo kuliko kwao. Ardhi yetu haijapungua hata sentimeta moja, ila imetoka katika hesabu.

Sasa punguza gharama ya barabara kutoka dola 5 hadi dola 1, usiguse kitu kingine. Mbuzi wetu anafika Bukavu kwa dola 7, anavuka daraja na kuuzwa Kamembe kwa dola 8, ambako wa kwao ni 9. Mfugaji ni yule yule, malisho ni yale yale. Kilichobadilika ni njia.

Msomaji anaweza kuuliza: kama Shabunda imefungwa hivyo, mbona madini yake yanatoka? Yanatoka kwa sababu barabara mbovu huchagua bidhaa. Gunia la kilo 50 la kasiterite lina thamani ya mamia ya dola. Linaweza kulipia ndege ndogo, mbebaji na kila barieri, na bado likamwachia mnunuzi faida. Gunia la mihogo la uzito ule ule haliwezi hata kulipia nauli yake. Dhahabu ndiyo nyepesi kuliko yote: mzigo wa mfukoni unaweza kushinda thamani ya lori la mahindi. Mahali pasipo na njia, kinachouzwa nje ni kile tu chenye thamani kubwa kwa kilo, hata kama nchi imebarikiwa zaidi kwa kitu kingine.

Tokeo lake linaonekana katika maisha ya watu. Mwaka 1941 wanauchumi Stolper na Samuelson walionyesha kwamba biashara hupandisha pato la mwenye kile ambacho bidhaa zinazouzwa nje zinakihitaji zaidi. Kama tungeuza mazao ya ardhi pana, pesa ingeingia kwa mwenye shamba na mfugaji. Kwa kuwa tunauza madini, inaingia kwa anayeshika shimo, anayenunua madini na anayeshika njia. Kijana wa kijijini anaona hesabu hiyo bila kusoma kitabu. Anaacha jembe anakwenda Kamituga, na mikono inayobaki shambani ni ya mama na bibi. Kisha tunasema kijiji ni kivivu.

Tuseme pia pale nadharia inapofika mwisho wake. Inadhani kwamba pande zote mbili zinajua kulima kwa namna moja. Sivyo. Kabare na Walungu wana mikono mingi, kwa hiyo kwa hesabu tupu wangeweza kushindana kwa nyanya. Lakini jirani ametengeneza mabonde yake kwa mifereji, na mbolea na mbegu nzuri zinamfikia mkulima wake kwa urahisi zaidi. Mkulima wetu amepitia vita, amekimbia na kurudi mara nyingi, na mara nyingi mwingine ndiye aliyevuna alichopanda. Mikono mingi juu ya kalongo isiyo na mbolea haitoi bei ile ile.

Wako wanaotaka mpaka ufungwe ili mazao ya ndani yapate soko. Warudi kwenye mfano wetu. Ukifunga daraja, mbuzi wa Bukavu anatoka dola 10 hadi 11, na nyanya kutoka 7 hadi 9 au zaidi, kutegemea zinakotoka. Mkulima wa karibu atapata kidogo. Yule wa mbali hatapata kitu, maana dola 5 zake bado zinabaki njiani. Atakayelipa ni mama wa Kadutu na wa Panzi anayenunua chakula cha siku kwa siku, pamoja na wanawake wanaobeba mabeseni kuvuka Ruzizi ili walishe watoto.

Sisi tunasema kipimo kipo, tena ni rahisi. Chukua bei ya gunia la mihogo kijijini, halafu bei yake Kadutu. Kama tofauti ni kubwa kuliko bei ya kijijini yenyewe, basi mkulima amemaliza sehemu yake, na ugonjwa uko njiani. Kama bei ya kijijini ndiyo iliyo juu kuliko ya jirani, basi ugonjwa uko shambani: mbegu, mbolea, usalama. Dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine. Lori la mbolea halifungui njia ya Shabunda, na lami haitarudisha rutuba ya Walungu.

Wanaotawala jimbo hili, na wanaotaka kulitawala, waulizwe jambo hilo kwanza. Si kilometa za mraba ngapi tunazo. Ni ngapi zinazofika sokoni, na gunia moja linalipa mara ngapi kabla ya kufika.